Barua ya wazi kuhusu vifurushi vinavyopotea kwenye kioo: "Hiyo namba siyo yetu"

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa wakuu wa kampuni zote zenye leseni ya kusambaza vifurushi vinavyotoka nje ya nchi.

Waheshimiwa,

Nilifanya kazi ya kuingiza data kwa miaka mitano katika ghala la vifurushi lililo karibu na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Kampuni sitaitaja, kwa sababu ninayoyaeleza hapa hayakuwa ya kampuni moja. Niliondoka hapo muda mrefu kidogo, lakini watu wanaonijua bado hunipigia simu wakikwama. Mwezi wa Desemba alinipigia mama mmoja wa Tanga, fundi wa kudarizi maeneo ya Ngamiani. Mashine yake ilikuwa imeungua bodi, na msimu wa sare za shule ndio huo ulikuwa umeingia, beji za shule zinamsubiri mezani. Aliagiza bodi nyingine kutoka Guangzhou. Siku ya tano tangu kulipa, simu yake ikamwonyesha maneno haya:

`Arrived at destination country`

Jumapili, saa tisa na dakika arobaini usiku. Baada ya hapo, kimya. Siku ya kwanza, ya tatu, ya kumi. Alimwuliza muuzaji, naye muuzaji akamjibu kwa adabu kwamba mzigo umefika nchini kwako, tafadhali wasiliana na msambazaji wa huko. Akapata namba ya msambazaji baada ya siku nne za kuulizana. Akapiga. Dada aliyepokea akaitafuta ile namba ya mzigo na kumwambia, "Mama, hiyo namba siyo yetu."

"Sasa mwanangu," aliniuliza, "kama siyo yao na siyo ya Mchina, ni ya nani?"

Swali lake ndilo lililonikalisha kuandika barua hii, kwa sababu jibu lake ninalijua na ninyi mnalijua.

Naomba nianze na yale maneno ya saa tisa usiku. Mteja akiyasoma huamini kwamba kuna mtu pale uwanjani aliyekishika kifurushi chake, akaelekeza mashine ya kuskani kwenye lebo, ikalia. Haikuwa hivyo. Kifurushi chake kilikuwa ndani ya mfuko mkubwa pamoja na vingine, na mifuko ile ilikuwa saba. Vifurushi vyote kwa jumla vilikuwa 186. Shirika la ndege halikupokea vifurushi 186, lilipokea mifuko saba chini ya hati moja ya mzigo wa anga, na hati hiyo ina namba yake yenyewe ya tarakimu 11. Ndege ilipotua, mfumo wa msafirishaji wa kimataifa ulisoma taarifa ya kutua kwa hati ile moja, kisha ukainakili kwa vifurushi vyote 186 kwa dakika ileile. Jirani yake aliyeagiza viatu kwenye mzigo huohuo naye aliona saa tisa na dakika arobaini.

Kwa hiyo kile kinachoonekana kama mlolongo wa hatua za kifurushi, tangu kinapofungwa kwenye mfuko kule hadi ndege inapotua huku, mara nyingi ni hatua za mfuko. Kifurushi chenyewe kilishikwa na kuskaniwa mara ya mwisho Guangzhou, na kitashikwa tena siku mfuko utakapofunguliwa Dar es Salaam. Kimya hakianzii pale mteja anapokiona. Kilikwishaanza China, ila kilifunikwa na taarifa za ndege.

Mifuko ikishuka, inaingia ghala la forodha la uwanja wa ndege. Hapo karani huhesabu: hati inasema saba, ipo saba, sawa. Wakala wa forodha anapeleka nyaraka, ushuru unakadiriwa, unalipwa, mifuko inaachiwa. Safari hii ilichukua hadi Jumatano. Siku hizo sizilaumu. Forodha ina kazi yake, na mfuko ukichaguliwa kukaguliwa utakaguliwa. Lakini kwa siku zote hizo hakuna mtu yeyote aliyekuwa na wajibu wa kumwambia mama wa Tanga kwamba mzigo wako uko forodha. Msafirishaji wa kimataifa alihesabu kazi yake imekwisha ndege ilipotua. Msambazaji wa ndani alihesabu kazi yake bado haijaanza mpaka mifuko ifike ghalani kwake. Kati yao kuna siku tatu zisizo na mwenyewe.

Jumatano mifuko ikafika ghala la msambazaji, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze polepole.

Mfuko ukifunguliwa, kila kifurushi hubandikwa lebo mpya yenye namba mpya ya msambazaji wa ndani. Si ubaya. Mfumo wa ndani umejengwa kwa namba za ndani, bodaboda anaskani za ndani, ofisi ya mkoani inapokea za ndani. Lakini lazima mahali fulani paandikwe kwamba namba hii mpya na ile ya zamani ni kifurushi kimoja. Mahali hapo ni manifesti, faili linalotumwa na msafirishaji wa kimataifa. Lina mstari mmoja kwa kila kifurushi: namba ya asili, jina la mpokeaji, simu, anwani, uzito, thamani. Wakati wangu faili hilo lilikuja kwa barua pepe. Wakati mwingine lilitangulia ndege, wakati mwingine lilikuja siku mbili baada ya mifuko, na mifuko ikakaa sakafuni ikilisubiri.

Faili likifika, karani hulibofya mara mbili lifunguke, na kompyuta nyingi hulifungua kwa Excel. Nami nimefanya hivyo mara nyingi, sikuwa najua. Excel ikikuta namba ndefu huichukulia kama hesabu, si kama jina la kitu, na hesabu yake hushika tarakimu 15 tu za mwanzo. Zinazozidi hapo inazigeuza sifuri. Namba ya mzigo wa mama wa Tanga ilikuwa na tarakimu 18. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwenye lebo, ilivyoonekana kwenye kioo cha karani, na ilivyobaki baada ya faili kuhifadhiwa kama faili la Excel:

```
880021460973315482
8.80021E+17
880021460973315000
```

Ukishabofya kuhifadhi, zile tarakimu tatu za mwisho hazirudi tena. Na tarakimu za mwisho ndizo zinazotofautisha kifurushi na kifurushi, maana muuzaji huchapa lebo zake kwa mfululizo. Katika manifesti ile, mistari 175 ilikuwa na namba zinazoanza na herufi. Hizo Excel haizigusi, inajua ni maandishi. Mistari 11 ilikuwa ya tarakimu tupu, zote za muuzaji mmoja, zote za mfululizo mmoja. Zote 11 zikawa namba moja yenye sifuri tatu mwishoni. Mfumo wa msambazaji ulipoingiza faili ulikubali mstari wa kwanza na kuikataa mingine kumi kwamba ni marudio. Kijana wa ghala alipoiskani lebo halisi yenye 482 mwishoni, mfumo ukamjibu kwamba haipo. Na huo mstari mmoja uliokubaliwa haukuwa na lebo yoyote duniani ya kulingana nao.

Mtu atauliza, si wangesoma jina na simu kwenye lebo wakampigia? Simu kwenye lebo ile ilifichwa kwa nyota katikati, kulinda siri ya mteja. Simu kamili ilikuwa kwenye faili, na faili hufikiwa kwa namba ya mzigo, na namba ya mzigo imeharibika. Kila mlango ulifungwa na mlango wa kabla yake. Kifurushi kikawekwa kwenye rafu ambayo kila ghala inayo, ya mizigo isiyotambulika, pamoja na vile vingine kumi.

Yule dada wa simu alimwambia ukweli, basi. Kwenye mfumo wake ile namba kweli haikuwepo. Ila hata wale 175 ambao mistari yao ilisalimika, wangempigia wangepata jibu lilelile, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Namba zao za asili zilikuwepo kwenye mfumo, zimekaa kwenye safu yake, lakini sehemu ya kutafutia ya dawati la wateja inatafuta namba za ndani peke yake. Mteja hajawahi kupewa namba ya ndani. Anayo moja tu, ile ya muuzaji, na hiyo haitafutiki. Tofauti ni kwamba wao kifurushi kilikuwa kinatembea, na siku moja bodaboda aliwapigia wakashtuka. Yeye chake kilikuwa kimelala.

Nilikipata siku ya kumi na saba. Nilimwomba mama amwombe muuzaji picha ya mzigo kabla haujatumwa, tukaona lebo nzima. Nikaenda mwenyewe ghalani na ile picha, nikamkuta mshika stoo muungwana, tukaenda kwenye rafu tukasoma lebo moja baada ya nyingine kwa macho, tarakimu kwa tarakimu. Cha nne kilikuwa chake. Jioni ile kilipakiwa basi la Tanga, na kesho yake asubuhi akakichukua ofisi ya basi kwa karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Kwenye simu yake palibaki palepale: `Arrived at destination country`.

Huo ndio upande wa pili wa kimya, wa taarifa zinazopaswa kurudi. Msambazaji wa ndani hufanya kazi kwa mkataba na msafirishaji wa kimataifa, na kwa mikataba niliyoiona mimi alilipwa kwa kila kifurushi kilichofika mkononi mwa mpokeaji. Ushahidi wa kufikisha ulikusanywa ukatumwa kwa mkupuo, kuambatana na ankara. Hatua za katikati, kwamba kimepokelewa, kimepangwa, kimetoka kwenda mkoani, hakuna aliyezilipia, kwa hiyo hakuna aliyezituma. Ndiyo maana wateja wengi huona jambo la ajabu: kimya wiki mbili, mzigo unafika, anautumia, halafu siku kadhaa baadaye hatua zote zinamiminika kwa pamoja kwenye simu, nyingine zikiwa na saa zisizopangika. Saa hizo nazo zina sababu. Guangzhou iko saa tano mbele yetu. Ukituma tukio la saa nne asubuhi ya Dar bila kuandika kwamba ni `+03:00`, yaani saa za kwetu, kule litasomwa kama saa nne ya kwao, yaani tukio litaonekana limetangulia kwa saa tano, pengine kabla ya lile lililolizaa. Mifumo mingine ikiona tukio limerudi nyuma hulitupa.

Msiniambie kwamba hivi ndivyo mambo ya kimataifa yalivyo na hayana dawa. Posta walilitatua. Umoja wa Posta Duniani una kiwango kinachoitwa S10: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu nane, tarakimu moja ya uhakiki, na herufi mbili za nchi ilikotoka. Namba hiyo haibadiliki. Posta ya nchi inayotuma ndiyo inayoitoa, na posta ya nchi inayopokea hutumia hiyohiyo mpaka mlangoni. Kwa sababu ina herufi mwanzoni na mwishoni, hata Excel haiwezi kuila, na karani akikosea tarakimu moja ile ya uhakiki inamsuta. Zaidi ya hapo, posta wana misimbo ya matukio waliyokubaliana. Kifurushi kikifika ofisi ya mabadilishano ya nchi inayopokea ni `EMD`. Kikikabidhiwa forodha ni `EDB`, forodha wakikizuia ni `EME`, kikitoka ofisi ile kwenda kusambazwa ni `EMF`, kikifika mkononi ni `EMI`. Tazameni: zile siku tatu ambazo kwetu hazina mwenyewe, kwa posta zina jina.

Sisemi posta hawana kimya. Namba zinazoanza na herufi `U` ni za barua na vifurushi vidogo ambavyo havilipiwi ufuatiliaji, na kwa hivyo mtu asitarajie kuona chochote vikishaondoka. Hata zile zinazofuatiliwa, mtu asipoziskani hazijiskani. Lakini pale posta inapokaa kimya, unajua kimya hicho ni cha nani. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yako hapa kwetu Arusha. Hatuhitaji kupanda ndege kwenda kujifunza.

Sasa ninachoomba.

Kwenu wakuu wa kampuni, ombi la kwanza ni kwamba ile namba ya asili ichapwe kwenye lebo yenu mpya na itafutike kwenye kioo cha dawati la wateja na kwenye tovuti yenu. Safu mnayo tayari. Fundi wenu wa mifumo anaweza kuifungua kwa utafutaji bila kugusa kitu kingine chochote, na siku hiyohiyo jibu la "hiyo namba siyo yetu" litakoma kwa watu walio wengi.

La pili, manifesti isifunguliwe kwa kubofya mara mbili. Safu ya namba iwekwe kuwa `Text` kabla data haijaingia, au faili lipelekwe moja kwa moja kwenye mfumo bila kupita Excel. Na kabla ya kuliingiza, karani ahesabu namba zilizo tofauti, inayojirudia ihesabiwe mara moja tu. Kwa manifesti ya vifurushi 186 kazi yenyewe ni hii:

```
=ROWS(UNIQUE(A2:A187))
```

Jibu likiwa 186, endelea. Faili la mama wa Tanga lingejibu 176, na karani angejua papo hapo, mifuko ikiwa bado haijafunguliwa, kwamba kuna namba 11 zimeharibika. Angeandika barua pepe moja kuomba faili jingine. Fomula hiyo ipo kwenye Excel za karibuni. Kwenye toleo la zamani, zipangwe tu kwa mfuatano na macho yataona zile zinazofanana.

La tatu, siku mifuko inapofunguliwa, kila kifurushi kiskaniwe na tukio lirudi kwa msafirishaji wa kimataifa siku ileile, likiwa na saa yetu imeandikwa wazi. Najua mtasema hakuna anayelipia. Basi liwekeni kwenye mkataba ujao, kwa bei. Kila siku mnalipa watu kukaa kwenye simu kujibu maswali ambayo skani moja ingeyajibu, na mnalipa rafu iliyojaa.

Kwenu TCRA, ninyi ndio mnaotoa leseni hizi chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ninaomba iwe sharti la leseni kwamba anayepokea vifurushi kutoka nje awe na uwezo wa kukitafuta kifurushi kwa namba aliyopewa mteja na muuzaji, na atangaze hadharani ni wasafirishaji gani wa nje anaopokea mizigo yao. Mama wa Tanga alipoteza siku nne kutafuta jina tu la kampuni iliyoshika mzigo wake, na kampuni hiyo ina ofisi mjini kwake. Ninaomba pia msambazaji atakiwe kuripoti kwenu idadi ya vifurushi vilivyokaa kwenye rafu ya visivyotambulika zaidi ya siku saba. Akishalazimika kuihesabu rafu ile, atalazimika kuisimamia.

Na kuhusu zile siku za forodha, ninaomba mkae na TRA na mawakala wa forodha mkubaliane nani aseme. Wakala anajua saa aliyopeleka nyaraka na saa mifuko ilipoachiwa. Matukio mawili tu, kwa hati nzima, yanakiliwe kwa vifurushi vyote kama ile ya ndege kutua inavyonakiliwa, ila iandikwe bayana kwamba ni taarifa ya shehena nzima. Mteja akijua ni mfuko unaosemwa na si kifurushi chake, hataisoma zaidi ya ilivyo.

Mama alipokea bodi yake tarehe ambayo shule tatu zilikwishapeleka beji zao kwa fundi mwingine. Vile vifurushi vingine kumi tuliviacha kwenye rafu siku ile, kwa sababu sikuwa na picha za lebo zao wala haki ya kuvichukua. Nilimwandikia mshika stoo kwenye karatasi namba zote kumi kama zilivyo kwenye lebo, tarakimu 18 kila moja, aombe faili safi na alinganishe. Kama barua hii imemfikia mkuu wake, karatasi ile ilibandikwa ukutani, upande wa kushoto wa rafu.

Wenu,
Mwingizaji data wa zamani,
Kipawa, Dar es Salaam